Shajara ya mradi: barua ya viza ya masomo, kutoka Lamu hadi Halifax

12 Januari 2026

Barua ya kukubaliwa chuoni imefika. Shahada ya uzamili katika usimamizi wa bahari, miaka miwili, kuanzia Septemba, Nova Scotia, Kanada. Chuo kimetoa ufadhili wa dola 15,000 za Kanada kwa mwaka. Kuanzia leo mradi wangu ni barua moja: maelezo kwa afisa wa viza kuhusu ninakwenda kusoma nini, nani atalipa, na kwa nini nitarudi. Barua yenyewe itakuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, zisizidi. Shajara hii ni ya kazi iliyo nyuma ya kurasa hizo.

Jioni nimesoma kanuni zenyewe kabla ya kusoma mifano ya watu. Kanuni za uhamiaji za Kanada zina vifungu viwili vinavyonihusu. Cha 216 kinamtaka afisa aridhike kwamba nitaondoka muda wangu ukiisha. Cha 220 kinataka niwe na fedha za kutosha, *bila kufanya kazi nikiwa kule*, za karo, za kujikimu, na za nauli ya kwenda na kurudi. Hayo tu. Hakuna mahali afisa ameombwa apime kama naipenda Kanada, wala kama ndoto yangu ni ya tangu utotoni.

14 Januari

Binamu yangu wa Malindi alinyimwa viza hiyo hiyo Septemba iliyopita. Tangu mwisho wa Julai 2025 barua za kukataliwa huja pamoja na maandishi mafupi ya afisa mwenyewe, basi nimemwomba anitumie yake. Ni mistari michache. Afisa aliona mambo matatu: ana shahada ya biashara na anaomba kozi ya cheti, yaani anashuka badala ya kupanda, pesa nyingi ziliingia benki kwa mkupuo wiki chache kabla ya maombi na asili yake haikuelezwa, na barua haikusema atarudi kufanya kazi gani.

Nimeisoma barua yake pia. Ukurasa wa kwanza mzima ni sifa za Kanada: usalama, ubora wa elimu, mchanganyiko wa tamaduni. Aliandikiwa na wakala mmoja wa huko mjini, na ukibadilisha jina la nchi ingefaa kwenda popote. Wakala huyo huyo alimwambia kwamba mwaka huu anaweza "kumkodishia" pesa za kukaa kwenye akaunti mpaka viza itoke. Nimemsihi binamu asiguse jambo hilo. Kutoa taarifa ya uongo kunaweza kukufungia mlango wa Kanada kwa miaka 5, na pesa ya kukodi huonekana kirahisi: inaingia nzima, inalala, haina historia.

19 Januari

Rasimu ya kwanza ya sehemu ya masomo. Swali gumu si kwa nini nasoma, ni kwa nini kule. Afisa yeyote mwenye akili atauliza: Pwani University iko Kilifi, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar, zote karibu na nyumbani na rahisi zaidi, huyu anavuka bahari ya nini? Watu wengi hulikwepa swali hili au hulijibu kwa kusema elimu ya kwetu ni duni. Mimi nimesoma Pwani, na sitaanza barua yangu kwa kuitukana.

Jibu langu liko kwenye kazi ninayoifanya. Mimi ni afisa wa uvuvi, nazunguka visiwa vya Lamu kukusanya takwimu za samaki wanaoshushwa ufukweni. Watu wa Kizingitini na Faza, kisiwani Pate, wanaishi kwa kamba mawe. Kila BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo wao, ina daftari, na daftari hilo lina safu ya kilo na safu ya bei, basi. Haliandiki kamba alitoka mwamba gani, alivuliwa na nani, wala alikuwa na mayai au la. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari mpya. Tangu siku hiyo kila mtu hapa anajua kwamba swali la nani ni mvuvi na alikuwa akivua wapi ni swali la karatasi.

Nova Scotia wana kamba pia, ingawa kamba wao ana magando mawili kama kaa mkubwa na wetu hana. Sijali sana spishi. Pwani yao imegawanywa katika maeneo ya uvuvi wa kamba, kila eneo lina leseni zake, msimu wake, idadi ya mitego, na daftari ambalo mvuvi lazima alijaze. Mfumo huo ndio ninaoutaka. Katika orodha ya kozi za chuo nimepata mbili zinazohusu hasa jambo hilo, nimezitaja kwa namba zake kwenye barua. Ninachoandika ni hiki:

> Shahada yangu ya kwanza ilinifundisha kumjua samaki. Kazi yangu inahitaji nijue kuusimamia uvuvi wa watu wadogo kwa kutumia takwimu ambazo wao wenyewe wanazikusanya. Uvuvi wa kamba wa Nova Scotia unasimamiwa kwa maeneo na kwa daftari za wavuvi, na chuo hiki kinaufundisha kikiwa ndani yake.

Hapo afisa ataona shahada ya kwanza ya uvuvi, kazi ya uvuvi tangu 2019, shahada ya pili ya uvuvi. Ngazi inapanda. Sina la kuongeza.

27 Januari

Fedha. Hapa ndipo mradi wote ulipo.

Kuanzia 1 Septemba 2025, mtu mmoja anayekwenda nje ya jimbo la Quebec anatakiwa aonyeshe dola 22,895 za Kanada za kujikimu kwa mwaka, mbali na karo na nauli. Karo yangu ya mwaka wa kwanza ni 21,000. Nauli ya kwenda na kurudi nimeiweka 2,200. Jumla 46,095. Nikitoa ufadhili wa chuo zinabaki 31,095, na kwa kiwango cha shilingi 93 kwa dola hiyo ni takriban 2,892,000.

Zinatoka wapi: akiba yangu ya mshahara 640,000, baba 1,500,000, mjomba wa Mombasa 800,000. Jumla 2,940,000. Zinatosha, kwa kubana. Kubana si kosa, mradi kila shilingi iwe na asili yake.

Akiba yangu ni rahisi, mshahara unaonekana ukiingia kila mwezi. Mjomba naye ameajiriwa bandarini, ana hati za mshahara. Kwake kazi ni kuthibitisha kwamba ni mjomba kweli. Cheti chake cha kuzaliwa na cha mama vinaandika jina la babu kwa tahajia mbili, kwa hiyo tumekwenda kwa wakili kuapa kwamba ni mtu mmoja. Kazi kubwa ni ya baba.

2 Februari

Nimekaa na baba barazani na taarifa yake ya benki. Yeye ni nahodha, ana mashua mbili, ilikuwa tatu. Anauliza: "Mwanangu, pesa si zipo? Wanataka nini tena?"

Wanataka kujua zimekuja vipi. Orodha rasmi inaomba taarifa za benki za miezi 4. Miezi minne iliyopita ni kuanzia Oktoba, yaani matlai kuingia kaskazi. Bahari imetulia, kamba wanapatikana, na akaunti ya baba inapanda wiki hadi wiki. Afisa akiiona miezi hiyo peke yake ataona mtu ambaye Oktoba mapema alikuwa na kidogo na Januari ana milioni moja na nusu. Itafanana kabisa na akaunti ya binamu.

Kwa hiyo tunatoa miezi 12. Ndani yake kusi inaonekana: Juni, Julai na Agosti akaunti inakaribia kulala, kisha inaamka. Na mwaka uliotangulia ni vivyo hivyo. Kwenye barua nimeweka sentensi mbili za kumfundisha mtu asiyejua pepo zetu:

> Mapato ya baba yangu ni ya msimu. Kati ya Aprili na Septemba upepo wa kusi huzuia mashua ndogo kwenda miamba ya nje, na kati ya Novemba na Machi hupatikana sehemu kubwa ya mapato ya mwaka, kama taarifa ya miezi 12 inavyoonyesha.

Nimeambatanisha pia kurasa za daftari la BMU zenye kilo za mashua zake, ili tarehe za mizani zilingane na tarehe za pesa kuingia. Mnunuzi hulipa siku moja au mbili baada ya mzani. Nimeweka alama ya penseli pembeni ya miamala sita tu, mikubwa. Afisa hana muda wa kufuata sitini.

5 Februari

Kuna donge moja. Desemba baba aliuza mashua yake ya tatu kwa shilingi 700,000. Mnunuzi alilipa kwa M-Pesa: 250,000, tena 250,000, na kesho yake 200,000. Sisi tunajua sababu. Muamala mmoja wa M-Pesa haupiti 250,000 na akaunti haishiki zaidi ya 500,000, hivyo baba alipeleka zile za kwanza benki ndipo akapokea za mwisho. Lakini mtu wa mbali akiona pesa inakatwa vipande vinavyolingana na kuingizwa kwa siku mbili, atafikiri inafichwa.

Suluhisho ni maneno machache na karatasi tatu. Maneno: mauzo ya mashua, bei, tarehe, ukomo wa M-Pesa ni kiasi gani, kwa hiyo malipo yalikuja mara tatu. Karatasi: makubaliano ya mauzo waliyotia sahihi mbele ya mashahidi, taarifa ya M-Pesa ya siku hizo, na ukurasa wa benki unaoonyesha pesa zikiingia. Namba tatu zinalingana katika karatasi zote.

Makubaliano na daftari ni vya Kiswahili, lazima vitafsiriwe. Mimi siruhusiwi kuvitafsiri, wala ndugu yangu. Nimempa mwalimu wangu wa zamani wa sekondari, ambaye naye ameapa mbele ya wakili kwamba tafsiri ni sahihi. Amesahihisha na rasimu yangu bila kuombwa. "Binti, umeandika 'kwa unyenyekevu mkubwa' mara nne. Huyu afisa si liwali."

Nimeyafuta yote manne.

11 Februari

Rafiki ameniuliza kwa nini sijaandika kwamba nitafanya kazi za saa kadhaa nikiwa chuoni, maana mwanafunzi anaruhusiwa saa 24 kwa wiki nje ya chuo. Anaruhusiwa, kweli. Lakini kifungu cha 220 kinasema fedha ziwepo bila kazi. Ukiitaja kazi katika hesabu umemwambia afisa mwenyewe kwamba hesabu yako haijatimia.

Mwaka wa pili nimeueleza kwa ufupi: ufadhili unaendelea nikifaulu, barua ya chuo inasema hivyo, na kaskazi ijayo ya baba na mshahara wa mjomba vinaendelea. Kinachotakiwa kuthibitishwa shilingi kwa shilingi ni mwaka wa kwanza. Wa pili unatakiwa uaminike.

24 Februari

Ramadhani imeingia, naandika baada ya tarawehe. Sehemu ya kurudi.

Hii ndiyo sehemu ambayo kila mtu nyumbani ana maoni. Mama anataka niandike kwamba nitaolewa nikirudi. Nimemwuliza na nani. Amesema, "Hilo si lao." Shangazi anapendekeza niitaje nyumba ya Mtaa wa Langoni. Nyumba ile ni wakfu wa ukoo, hati haina jina langu, siwezi kuiita mali yangu. Nina miaka 31, sina mume wala mtoto, na wazazi peke yao hawamshawishi afisa, kwa kuwa karibu kila mwombaji ana wazazi. Kwa hiyo kurudi kwangu lazima kusimame juu ya kazi.

Barua ya kwanza ya mwajiri ilikuwa na mistari miwili: ofisi haina pingamizi na mimi kwenda masomoni. Kwangu hiyo inasoma kama kwaheri. Haina pingamizi, lakini inanisubiri? Nimerudi kwa afisa wa rasilimali watu, kwa adabu, na karatasi yenye mambo niliyoyaomba. Ya pili ina cheo changu, tarehe ya kuajiriwa, kwamba ajira ni ya kudumu na ya pensheni, kwamba nimepewa likizo ya masomo bila mshahara kuanzia 24 Agosti 2026 hadi 31 Agosti 2028, kwamba nafasi yangu itashikiliwa na mwenzangu kwa kukaimu, na kwamba naripoti kazini 4 Septemba 2028. Ina muhuri, sahihi, na simu ya mezani inayopokelewa. Hilo la mwisho nimelipiga mwenyewe kuhakikisha.

Sasa aya ya kurudi imekuwa fupi kuliko zote:

> Nafasi yangu ya kazi imehifadhiwa na ninatakiwa kuripoti tarehe 4 Septemba 2028. Kazi itakayonisubiri ni kuandaa daftari jipya la kamba kwa BMU za Pate, ambalo rasimu yake nimeiandika na itakuwa mada ya utafiti wangu. Utafiti huo utatumia takwimu za Lamu na nitazikusanya Lamu katika likizo ya 2027.

Naipenda sentensi ya mwisho kuliko zote. Haisemi naipenda nchi yangu. Inasema nitakuwa hapa katikati ya masomo kwa sababu takwimu ziko hapa. Msimamizi wa chuo ameandika barua pepe ya kukubali mada hiyo, nimeiambatanisha.

26 Februari

Jambo ambalo lilinisumbua jana usiku: niandike kwamba sina nia yoyote, kamwe, ya kuishi Kanada? Binamu aliandika hivyo kwa herufi kubwa. Sheria yao, kifungu cha 22(2), inakubali kwamba mtu anaweza kuwa na nia ya kuishi kule siku moja na bado akapewa ruhusa ya muda, mradi afisa aridhike kwamba ataondoka muda ukiisha. Kwa hiyo kiapo cha milele hakihitajiki. Mimi nia hiyo sina, lakini kukana kwa sauti kubwa jambo ambalo hukuulizwa humfanya msikilizaji alifikirie. Nimeandika nitakachofanya 2028 na nikanyamaza.

3 Machi

Kupunguza. Barua ilikuwa kurasa nne. Imetoka historia ya Mji wa Kale na urithi wa dunia, imetoka aya ya babu na jahazi zake, ambayo ilikuwa nzuri na haikuwa na kazi. Mpangilio sasa: mimi ni nani, mistari mitatu, kozi na kwa nini kule, fedha, pamoja na jedwali dogo la gharama na vyanzo, kurudi. Kila dai lina namba ya kiambatisho pembeni yake. Afisa akisoma 700,000 anajua aende kiambatisho cha 7.

Orodha niliyopewa na jirani ilidai pia barua ya uthibitisho kutoka serikali ya jimbo. Tangu 1 Januari 2026 wanafunzi wa uzamili katika vyuo vya umma hawaihitaji tena, na chuo changu ni cha umma. Nimeangalia mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao badala ya kuandikia chuo kuiomba. Orodha za mitaani huzeeka haraka.

9 Machi

Nimewasilisha. Barua haina nafasi yake maalum; inapakiwa mahali palipoandikwa "Client Information", na kila nafasi inapokea faili moja lisilozidi 4 MB. Kwa hiyo barua, jedwali na viambatisho vya maelezo vyote ni PDF moja, barua ikiwa mbele. Picha za daftari la BMU zilikuwa nzito; nimezipiga upya kwa rangi nyeusi na nyeupe na bado zinasomeka. Ada ni dola 150, na 85 za alama za vidole, ambazo huchukuliwa Nairobi. Basi la usiku baada ya Idi.

30 Machi

Vidole vimechukuliwa, uchunguzi wa afya umefanyika. Baba ana swali la haki. Kusi inakaribia, mashine ya mashua inataka kufunguliwa, na pesa zimelala benki kwa ajili yangu. Anaweza kutoa?

Akitoa 600,000 kimya kimya, na afisa akaomba taarifa mpya, sehemu kubwa ya mchango wake itakuwa imetoweka na barua yangu itakuwa inasema jambo moja na benki jingine. Lakini kulala kwa pesa si sharti. Sharti ni zinunue masomo. Tumekubaliana hivi: 600,000 zinakwenda chuoni sasa kama sehemu ya karo, chuo kinatoa risiti, na risiti ninaituma kwa fomu ya mtandaoni ya kuongeza nyaraka kwenye maombi, pamoja na mstari mmoja kwamba salio la baba limepungua kwa kiasi kile kile. Kabla ya kulipa nimesoma masharti ya chuo ya kurudisha karo viza ikikataliwa: wanarudisha, wakikata ada ndogo ya ofisi. Mashine itafunguliwa kwa pesa za kamba wa Machi, ambazo hazimo kwenye hesabu yangu.

Baba amesema sawa, lakini fundi nimtafute mimi.